Mvinyo wa Kuweka na Mvinyo wa Kunywa Mapema: Mwongozo kwa Mwenye Chupa Sita za Bordeaux

Ukiuma bibo ambalo halijaiva sawasawa, ulimi unakauka na mashavu yanavutwa kwa ndani. Hali hiyo tunaiita ukakasi, na ndilo neno la kwanza unalohitaji ili ujue chupa ipi ya mvinyo inafaa kuwekwa miaka 15 na ipi inatakiwa iishe kabla ya mwaka kwisha. Maneno mengine mawili nayo unayo tayari jikoni: uchachu, kama wa ndimu au ukwaju, na utamu. Mvinyo wenye mojawapo ya hayo kwa wingi, na wenye ladha nzito ya tunda nyuma yake, unaweza kukaa. Usio nayo hauna cha kuulinda, na kila mwezi unaokaa kabatini unapungukiwa.

Nalitanguliza hili kwa sababu watu wengi wanaamini mvinyo wowote ukiwekwa huwa bora. Sivyo. Sehemu kubwa sana ya mvinyo unaouzwa duniani umetengenezwa ili unywewe ndani ya miaka miwili au mitatu tangu mavuno. Niliwahi kukaribishwa kwenye nyumba ambamo chupa ya mvinyo mweupe wa bei ya kawaida, zawadi ya harusi, ilikuwa imetunzwa miaka 11 kwenye kabati la vioo sebuleni. Ilifunguliwa kwa heshima zote siku mtoto wa kwanza alipopata kipaimara. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya tufaha lililolala juani. Mwaka ule wa harusi ingekuwa tamu.

Mwongozo huu unafuata mvinyo mmoja hasa, ule mwekundu wa Médoc, upande wa kushoto wa mto Gironde katika eneo la Bordeaux, Ufaransa. Nauchagua kwa sababu ndio mfano ulio wazi zaidi wa mvinyo unaokomaa, na ukiuelewa huo, mingine utaipima kwa kuulinganisha nao.

Kinachotokea ndani ya chupa

Ukakasi wa mvinyo mwekundu unatokana na tanini, iliyomo kwenye ganda na kokwa za zabibu, na nyingine kidogo hutoka kwenye pipa la mwaloni. Zabibu ya Cabernet Sauvignon, inayotawala Médoc, ina ganda nene na punje ndogo, kwa hiyo tanini yake ni nyingi. Mvinyo ukiwa mchanga, tanini hiyo hushika mate na kukausha kinywa. Miaka inavyopita, tanini na chembe za rangi zinaungana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa kubwa na nzito, hatimaye zinazama chini ya chupa kama mashapo. Ndiyo maana mvinyo mwekundu wa zamani una rangi iliyofifia, umetulia mdomoni, na una machicha chini.

Wakati huohuo harufu inabadilika. Harufu ya tunda bichi, ile ya zambarau na matunda meusi, inapungua. Mahali pake panaingia tumbaku, mbao ya mwerezi, ngozi, uyoga, majani makavu baada ya mvua. Uchachu wenyewe haubadiliki sana, bali unakaa kama uti wa mgongo na kuufanya mvinyo uendelee kuwa hai hata rangi inapofifia.

Kwa hiyo kuweka mvinyo ni kubadilishana: unatoa tunda bichi, unapokea hizo harufu nyingine. Mvinyo ambao sifa yake yote ni tunda bichi unatoa kila kitu na haupokei chochote. Mfano mzuri ni Sauvignon Blanc ya Marlborough, New Zealand. Harufu yake ya pasheni na majani yaliyokatwa ndiyo inayouuza, na harufu hiyo huanza kufifia ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hakuna kitu kingine kinachokuja kuchukua nafasi yake.

Hatua ya kwanza: soma lebo kabla ya kulipa

Ukiwa na chupa ya Bordeaux mkononi, tafuta jina la mahali. Likiandikwa "Bordeaux" tu, au "Bordeaux Supérieur", mara nyingi huo ni mvinyo wa kunywa ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Zabibu zimetoka popote katika eneo lile pana, na nyingi ni Merlot laini. Jina likiwa la mahali padogo zaidi, kama Pauillac, Saint-Julien, Saint-Estèphe au Margaux, umefika kwenye vijiji vya Médoc ambako mvinyo hutengenezwa kwa nia ya kukaa. "Haut-Médoc" na "Médoc" zimo katikati. Shamba zuri la huko, hasa lenye maneno Cru Bourgeois, linaweza kukupa miaka 10 hadi 15 kwa bei ambayo mtu mwenye mshahara anaweza kujikaza akailipa. Yale mashamba ya orodha ya madaraja ya mwaka 1855, yenye maneno Grand Cru Classé, yanaweza kwenda miaka 20, 30 na zaidi, lakini bei yake ni habari nyingine.

Usidanganywe na maneno "Grand Vin de Bordeaux". Yanapendeza machoni, ila hayathibitishi daraja lolote. Pia angalia kama chupa ni mvinyo wa pili wa shamba, yaani ule unaotengenezwa kwa zabibu ambazo hazikuchaguliwa kuingia kwenye mvinyo mkuu. Huo unakomaa mapema zaidi, na kwa mtu asiye na subira ni ununuzi wa busara.

Kisha tazama mwaka wa mavuno. Bordeaux hali ya hewa inabadilika sana, na mwaka una uzito kama jina. Miaka 2005, 2010 na 2016 ilitoa mvinyo wenye tanini na uchachu kwa wingi. Hiyo ni miaka ya kuweka. Mwaka 2013 ulikuwa wa baridi na mvua, zabibu hazikuiva vizuri, na mvinyo wake mwingi ulifaa kunywewa mapema. Mwaka 2003 ulikuwa wa joto kali Ulaya nzima: mvinyo ukaja mtamu wa kuvutia, uchachu ukawa mdogo, na mingi yake ikazeeka haraka kuliko watu walivyotegemea.

Hatua ya pili: onja chupa moja, na uionje siku tatu

Usinunue chupa sita kwa kuamini lebo peke yake. Nunua moja. Fungua, mimina glasi, kunywa taratibu ukijiuliza mambo mawili. Je, ukakasi upo, na je, nyuma ya ukakasi kuna tunda? Swali la pili ndilo linalosahaulika. Mvinyo mkali usio na tunda hautakuja kuwa laini na mtamu. Utakuwa mkavu na mwembamba, kwa sababu tunda linapungua sambamba na tanini. Ukishameza, hesabu kimya kimya. Ladha ikipotea kabla hujafika tano, usiuweke. Ikibaki hadi kumi na kuendelea, endelea kuufikiria.

Rudisha kizibo, weka chupa kwenye friji, onja glasi nyingine kesho yake na nyingine kesho kutwa, ukiiacha kwanza ipate joto kidogo. Mvinyo unaokuwa mzuri zaidi siku ya pili na bado umesimama siku ya tatu una nguvu ya kustahimili hewa, na mvinyo wa namna hiyo kwa kawaida hustahimili miaka. Uliochoka siku ya pili, unywe sasa. Kipimo hiki si kamili, maana hewa nyingi ya siku tatu si sawa na hewa chache ya miaka kumi, lakini kimeniokoa fedha mara nyingi kuliko ushauri wa muuzaji.

Hatua ya tatu: tafuta mahali pa baridi, au acha kabisa

Hapa ndipo wengi wetu wa pwani tunapoangukia. Mvinyo unataka nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, giza, utulivu, na unyevu wa kiasi ili kizibo kisikauke. Dar es Salaam au Mombasa mchana ni nyuzi 30 karibu mwaka mzima. Kwa makadirio ya wanakemia, mabadiliko mengi ya kikemia huenda kasi karibu maradufu kwa kila nyongeza ya nyuzi 10. Lakini joto haliharakishi ukomavu tu. Linaleta mabadiliko mengine yasiyotakiwa, na mvinyo unaishia kuwa na ladha iliyopikwa.

Nieleze kilichonipata. Mwaka 2014 nilinunua chupa sita za Haut-Médoc ya mavuno ya 2010, shamba moja, kreti moja. Friji langu la mvinyo lilikuwa dogo na limejaa. Nne nikaziingiza humo kwenye nyuzi 13, mbili nikazilaza kwenye kabati la jikoni, upande wa pili wa ukuta wenye jiko, nikijiambia ni kwa muda mfupi. Zikakaa miaka miwili.

Nilipozitoa zile mbili mwaka 2016, kizibo cha moja kilikuwa kimesukumwa nje kidogo, na chini ya kifuniko kulikuwa na utepe mkavu wa mvinyo uliovuja. Joto lilikuwa limetanua mvinyo ukasukuma kizibo, na ulipopoa ukavuta hewa ndani. Nilizifungua zote mbili jioni ileile. Harufu ilikuwa ya jamu iliyoungua na zabibu kavu, tunda limelegea, ukakasi bado upo lakini umesimama peke yake kama mifupa. Rangi kwenye ukingo wa glasi ilikuwa ya kahawia, ambayo mvinyo wa miaka sita wa Médoc hautakiwi kuwa nayo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nausema kwa uzito: kama huna friji la mvinyo au chumba kisichozidi nyuzi 18 mwaka mzima, usiweke Bordeaux nyumbani. Friji la kawaida la jikoni linafaa kwa wiki chache. Kwa miaka, ni baridi mno na hewa yake kavu inakausha kizibo. Wanaoishi Lushoto, Limuru au Bukavu wana nafuu kuliko sisi, lakini nao wapime kwa kipimajoto kwa mwaka mzima kabla ya kuamini.

Upo mvinyo mmoja usioogopa joto letu, nao ni Madeira, wa kisiwa cha Ureno kilicho katika Atlantiki. Zamani mapipa yake yalisafirishwa kwa meli kupitia nchi za joto, na watu wakagundua kuwa mvinyo umerudi bora kuliko ulivyoondoka. Tangu hapo hutengenezwa kwa kupashwa joto makusudi, na umeongezwa kileo. Kilichopikwa hakiogopi jua. Chupa yake iliyofunguliwa hukaa miezi mingi bila kuharibika. Isimamishe wima tu, kwa sababu mvinyo huu unakula kizibo.

Hatua ya nne: zifungue kwa zamu, uandike

Chupa nne za frijini nilizifungua kwa nafasi ya miaka mitatu mitatu, na kila mara niliandika mistari michache kwenye daftari. Hii ndiyo faida ya kununua chupa kadhaa za aina moja: unaona mvinyo ukikua badala ya kubahatisha siku moja.

Mwaka 2015 ya kwanza ilikuwa bibo tupu. Tunda jeusi jingi, uchachu safi, ulimi umekauka hadi nikaomba nyama. Nyama ilisaidia kweli, kwa sababu protini na mafuta hushika tanini kabla haijashika mate yako. Mwaka 2018 ya pili ilinitia wasiwasi. Harufu ilikuwa imejifunga, tunda limejificha, na kilichobaki ni ukali. Mivinyo mingi ya kuweka hupita kipindi hiki cha kunyamaza, mara nyingi kati ya mwaka wa tano na wa tisa. Ukiifungua hapo utadhani imekufa. Haikufa, zilizobaki ziache uzisahau.

Mwaka 2021 mlango ulikuwa umefunguka. Ukakasi umelainika ukawa kama velveti, tunda bado lipo, na tumbaku na mwerezi vimeanza kusikika. Chupa hii ndiyo niliyoifurahia kuliko zote. Ya mwisho, mwaka 2024, ilikuwa na mashapo ya kutosha, ukingo wa rangi ya tofali, harufu ya ngozi na majani makavu. Nzuri, ila tunda lilikuwa limepungua kiasi cha kunifanya nishukuru kwamba hakuna ya tano. Kwa shamba la daraja lile, miaka 11 hadi 14 ndiyo ilikuwa nafasi yake.

Upande wa pili: ya kunywa mapema

Orodha hii ni ndefu lakini maelezo yake ni mafupi, maana sababu ni moja. Rosé ya rangi ya waridi, Prosecco ya mapovu ya Italia, Vinho Verde ya Ureno na nyekundu laini za bei nafuu kutoka popote: zinywe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Beaujolais Nouveau hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, na unakusudiwa uishe mapema mwaka unaofuata. Mvinyo wa boksi usizidishe mwaka hata kama haujafunguliwa, kwa sababu mfuko wa plastiki unapitisha hewa polepole. Mvinyo mwingi wa Dodoma nao, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ni wa kunywa ukiwa mchanga na umepoozwa kidogo. Shampeni isiyo na mwaka kwenye lebo imeshakomazwa na mtengenezaji, basi usiihifadhi kwa ajili ya jubilei.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mweupe ni wa mapema na mwekundu ni wa kuweka. Riesling ya Mosel, Ujerumani, haina tanini, lakini uchachu wake ni mkali na mara nyingi una sukari ya kuusindikiza. Chupa nzuri huvuka miaka 20 na kupata harufu ya asali, na nyingine inayokumbusha mafuta ya taa, ambayo wapenzi wake wanaitafuta. Sauternes, mtamu wa kusini mwa Bordeaux, hutengenezwa kwa zabibu zilizoshambuliwa na ukungu unaokausha maji na kubakiza sukari na asidi, nao huishi miongo. Wala kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo wa haraka. Watengenezaji wa Clare Valley, Australia, walianza mwaka 2000 kufunga Riesling zao kwa vifuniko hivyo, na zimezeeka vizuri.

Kwa Port, mvinyo wa Ureno ulioongezwa kileo, neno moja kwenye lebo linabadilisha kila kitu. "Vintage" imetiwa kwenye chupa ikiwa na miaka miwili au mitatu na inakomaa humo kwa miaka 20 au zaidi. "Tawny" imekomaa ndani ya pipa. Ikikufikia iko tayari, na kuiweka hakuongezi kitu.

Hatua ya tano: kuifungua chupa ya zamani

Kabla ya kufungua, inyanyue kwenye mwanga. Mvinyo wa miaka 15 ukiwa umeshuka hadi chini ya shingo ni kawaida. Ukiwa umeshuka hadi katikati ya bega, hewa imeingia nyingi. Isimamishe wima siku nzima ili mashapo yatulie chini.

Kizibo cha zamani ni laini kama mkate, hivyo ingiza kizibuo katikati, vuta polepole bila kutingisha. Nusa kwanza. Harufu ya katoni iliyolowa au chumba chenye ukungu ni ugonjwa wa kizibo, unaosababishwa na kemikali iitwayo TCA. Hauna uhusiano na umri wala utunzaji wako, hauondoki kwa kusubiri, na chupa hiyo huna la kuifanyia. Harufu ya siki, gundi au rangi ya kucha ni bakteria na hewa. Harufu ya karanga na tufaha lililooza kwenye mvinyo usiotengenezwa hivyo maana yake umechelewa.

Mvinyo ukiwa salama, washa mshumaa au tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa, umimine taratibu kwenye jagi safi bila kusimama katikati. Mara uonapo uzi mweusi wa mashapo ukifika begani, acha. Utapoteza kama robo ya glasi, na hiyo ndiyo sehemu chungu. Médoc ya miaka 10 inaweza kusubiri ndani ya jagi saa moja. Ya miaka 25 au 30 usiisubirishe, iandae chakula kikiwa tayari mezani, kwa sababu harufu iliyochukua miongo kujengeka inaweza kuondoka kabla ya saa kuisha.